Januari haina kahawa: biashara za msimu Bukoba na Muleba

Anayetaka kufanya biashara ya msimu huku Kagera huanza kwa kuuliza watu watahitaji nini. Swali hilo ni jepesi mno, kwa sababu jibu lake kila mtu analo. Desemba watu wanaoa na kuolewa, Januari watoto wanarudi shule, Novemba senene wanaanguka. Swali lenye kazi ni hili la pili: siku mahitaji hayo yanapofika, fedha iko wapi? Ukikaa Muleba mwaka mzima na kuangalia vizuri, unaona kalenda mbili zisizolingana. Moja ni ya mahitaji, nyingine ni ya fedha, na mfanyabiashara wa msimu anaishi katikati ya hizo mbili. Wanaofilisika kwa kawaida wameisoma ya kwanza wakaisahau ya pili.

Tuanze na fedha. Kijijini Muleba na Bukoba Vijijini kuna fedha za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kahawa. Robusta huanza kuvunwa kuanzia Mei, inaanikwa, inapelekwa kwenye vyama vya msingi, na malipo huingia mikononi mwa watu kati ya Juni na Oktoba hivi. Miezi hiyo utaona bati jipya juu ya nyumba, baiskeli imepakwa rangi, binti ametolewa mahari. Fedha ya pili ni ya wenyeji wanaorudi nyumbani Krismasi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko. Hiyo huingia kuanzia katikati ya Desemba na kuondoka pamoja nao wiki ya kwanza ya Januari, maana na wao wana watoto wanaofungua shule.

Sasa weka juu yake mahitaji. Shule hufunguliwa kwa kawaida wiki ya pili ya Januari. Kahawa ya mwaka uliopita imekwisha kuliwa, ya mwaka huu bado ni ua au punje changa. Mgeni wa Krismasi amekwisha kupanda basi. Yaani hitaji kubwa kuliko yote la familia ya mkulima linaangukia kwenye shimo la fedha. Ni katika shimo hilo ndipo butura imestawi miaka mingi: mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya papo hapo. Serikali inaipiga vita butura na iko sahihi, lakini ukimuuliza mzazi kwa nini aliuza ua la kahawa, mara nyingi utasikia neno sare, daftari au godoro ndani ya jibu lake. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, sare haikufutwa. Ilibaki kwa mzazi.

Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye biashara ya sare. Ndiyo inayoonyesha wazi kuliko nyingine jinsi kalenda hizi mbili zinavyoweza kuunganishwa.

Fundi cherehani wa kawaida katika mji mdogo, tuseme Nshamba au Kamachumu, husubiri wateja. Wanafika kati ya tarehe 27 Desemba na siku ya kufungua shule, wote kwa pamoja, kila mmoja akiwa na mtoto mkononi na haraka ileile. Tumpe fundi huyu mashine mbili za kukanyaga na msaidizi mmoja, na tuseme kila mashine inatoa nguo tano kwa siku. Ukiondoa Jumapili na mwaka mpya, anazo siku kumi na moja hivi za kazi. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni nguo 110, yaani jozi 55 za shati na kaptula au shati na sketi. Lakini hesabu ya karatasi haijaweka muda wa kupima mtoto, kubishana bei, kwenda kutafuta vifungo, kusimama kila mara mlango unapofunguliwa. Mafundi wanajua kwamba siku ya wateja wengi ndiyo siku ya nguo chache. Mwisho wa siku zile kumi na moja atakuwa ametoa labda jozi thelathini, amewaudhi wazazi ishirini, na wengine wamekwenda kununua nguo ya dukani iliyoshonwa mbali.

Kinachombana hapa ni muda wa cherehani. Wateja anao, na kitambaa angekipata. Muda huo hauwezi kununuliwa Januari, kwa sababu Januari kila fundi wa wilaya anauhitaji. Unapatikana Septemba na Oktoba, cherehani zinapokuwa zimelala. Fundi anayejua kazi hukata mapema. Ana patani za karatasi ngumu za umri wa miaka sita, saba, tisa, kumi na moja. Anatandika kitambaa tabaka sita au nane mezani, anachora kwa chaki tabaka la juu tu, anakata zote kwa mkasi mmoja mkubwa. Halafu hashoni nguo moja moja hadi mwisho. Anashona kola zote, kisha mikono yote, kisha mabega yote. Kazi ikienda kwa mafungu namna hiyo, mashine haibadilishi uzi wala mkono haubadilishi mwendo.

Kuna jambo moja dogo linalookoa mtaji, nalo linahitaji kuonwa kwa macho. Mama mmoja anayeshona Kamachumu huacha sketi na kaptula zikiwa zimekamilika isipokuwa pindo na kifungo cha kiuno. Zinaning'inia ukutani kwenye kamba, zimepangwa kwa ukubwa, ncha za chini zikiwa zimepitishwa oveloki tu ili zisichanike. Mzazi akija, anamsimamisha mtoto kwenye kigoda.

"Simama wima, mwanangu, usijikunje. Mama Koku, huyu tumwekee pindo la vidole vinne, mwakani tunashusha."

"Lishushwe mara mbili, fundi, waitu. Huyu anarefuka kama mgomba."

Robo saa, nguo imekunjwa pindo, imepigwa pasi ya mkaa na imelipiwa. Kwa kuwa hakumaliza mapema, sketi moja ya ukubwa wa miaka tisa inaweza kumfaa mtoto wa miaka minane hadi kumi. Angezimaliza zote Oktoba angelazimika kubahatisha urefu, na zile alizokosea zingebaki kambani hadi mwaka unaofuata.

Hapo tunaingia kwenye suala la mabaki, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha wazo zuri la msimu na wazo baya. Kila biashara ya msimu itabakiza kitu. Anayepanga asibakize chochote amepanga kukosa wateja wa mwisho. Cha kujiuliza ni kile kitakachobaki kitakuwa na thamani gani siku msimu ukiisha. Shule nyingi za msingi za serikali huvaa shati jeupe na kaptula, suruali au sketi ya bluu iliyokoza. Jozi kumi na tano zikibaki hazina hasara kubwa, zinamfaa mtoto wa shule yoyote, mwaka wowote, na watoto huchana sare hata Mei. Sweta lenye mistari ya shule moja ni jambo jingine kabisa. Lina mteja mmoja tu, na mkuu mpya wa shule akibadilisha rangi, limekufa. Vivyo hivyo sketi za sekondari, ambazo rangi yake hutofautiana shule hadi shule. Kanuni ya fundi yule wa Kamachumu ni kwamba sare za msingi anashona bila kuulizwa, za sekondari anashona baada ya mzazi kutanguliza fedha, na sweta haligusi mpaka alipwe lote.

Kwa wanaoingia kidato cha kwanza kuna msaada ambao wafanyabiashara wengi hawautumii. Majina ya waliochaguliwa hutangazwa na TAMISEMI, kwa kawaida Desemba, na kila shule hutoa fomu ya kujiunga yenye orodha ya mahitaji: rangi na mtindo wa sare, idadi ya madaftari, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo, ndoo, na kwa shule ya bweni godoro, shuka na sanduku la bati. Fomu hiyo ni orodha ya manunuzi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Mwenye duka Muleba mjini akizipata fomu za shule nne au tano za jirani, na akajua kila shule imepangiwa wanafunzi wangapi, hahitaji kubahatisha. Ataona pia kitu ambacho macho hayaoni dukani, kwamba fyekeo linaombwa na shule zote, lakini rimu inaombwa na chache, au kwamba shule moja imebadilisha aina ya daftari. Akipanga vitu vya orodha moja katika fungu moja lenye bei moja, mzazi aliyetoka mbali kwa bodaboda analipa mara moja na kuondoka.

Sasa turudi kwenye fedha. Fundi wetu ameamua kushona jozi 60 za msingi. Tuseme kitambaa, uzi na vifungo vya jozi moja vinamgharimu shilingi 14,000, na anaiuza 22,000. Anahitaji 840,000 mapema, mwezi Septemba, ili anunue majora mazima kwa bei ya jumla Bukoba mjini au aagize Mwanza. Fedha hiyo hana. Akikopa, riba inaanza kuhesabiwa Septemba wakati mauzo ni Januari, miezi minne ya kulipia fedha iliyolala kwenye kitambaa.

Njia inayofaa kwa Muleba ni kuifuata fedha ya kahawa pale ilipo. Kuanzia Julai fundi anafungua daftari la wazazi. Kila mzazi anayetaka analeta 5,000 kwa mwezi kwa miezi minne, Julai hadi Oktoba, na Januari anamalizia 2,000 na kuchukua sare. Wazazi thelathini wakifanya hivyo, hadi mwisho wa Oktoba ameingiza 600,000. Hicho ni kitambaa cha zaidi ya watoto arobaini, bila riba. Anachotakiwa kuongeza mfukoni mwake ni 240,000. Na mzazi ambaye Januari angeuza ua la kahawa ili apate 22,000, sasa anahitaji 2,000.

Mpango huu una mahali pake pa kuvunjikia. Unavunjika fundi anapoishika fedha ya watu kama fedha. Mtoto wake ataugua, yeye mwenyewe atafiwa au ataitwa kwenye mchango wa harusi, na elfu sitini za wazazi zitaondoka akisema atazirudisha. Kwanza, anayeumudu hununua kitambaa wiki ileile fedha inapoingia, hata kama ni mita chache. Kitambaa kilichokunjwa kabatini hakiazimwi na ndugu, na bei yake ikipanda Desemba haimgusi. Pili, anaandika kwenye daftari lake na kwenye kadi ya mzazi kwa wakati mmoja, wote wawili wakiona. Tatu, anakubaliana na mzazi tangu mwanzo kwamba fedha ile ni ya sare bila kutaja mtoto gani wala shule gani, kwa sababu mtoto wa darasa la saba atajulikana anakokwenda Desemba tu, na Julai hakuna ajuaye. Dalili ya kwanza kwamba mpango unaharibika ni rahisi kuiona: jumla ya kadi inazidi thamani ya kitambaa kilichomo kabatini. Fundi akae chini kila mwisho wa mwezi alinganishe hivyo viwili.

Kwenye harusi mambo yanageuka, maana huko fedha ipo ila inafika dakika ya mwisho. Ni fedha ya michango. Kamati inakaa, watu wanaahidi, kadi zinagawiwa, na ahadi hugeuka kuwa shilingi wiki ile ya sherehe. Mwenye viti, turubai, muziki au chakula anaombwa aandae kwa ahadi za watu asiowajua. Wenye uzoefu huchukua nusu siku ya makubaliano na nusu nyingine kabla gari halijapakia. Baada ya sherehe kamati huwa haipo tena, kila mtu amerudi kwake, na bwana harusi ni mtu wa mwisho unayeweza kumdai.

Lakini kosa kubwa kwenye viti ni kuvinunua kwa ajili ya Desemba. Chukua mfano wa viti 200 vya plastiki kwa 18,000 kila kimoja: ni 3,600,000. Vikikodishwa kwa 500, safari moja inaleta 100,000, na ukitoa gari, vibarua na kuosha, tuseme inabaki 70,000. Vitahitaji safari zaidi ya hamsini kurudisha fedha yake, bado hujahesabu vilivyovunjika. Desemba inakupa safari nne au tano tu, kwa sababu ambayo asiye mwenyeji anaweza asiione. Mkoa huu una Wakatoliki na Walutheri wengi, na parokia nyingi hazifungishi ndoa za shamrashamra wakati wa Majilio. Harusi zinasubiri hadi 26 Desemba, halafu zinabanana katika siku chache kabla wageni hawajaondoka. Siku hizo mtu mmoja anaombwa viti na harusi tatu, na jirani ambaye kwa kawaida humwazima naye ameombwa na tatu. Kukodi Mwanza ni kuvusha viti ziwani usiku kucha kwa ajili ya Jumamosi moja. Kisha inakuja Kwaresima. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na mfungo wa Ramadhani ukaanza siku hizohizo, hivyo harusi za Wakristo na za Waislamu zikanyamaza kwa pamoja. Asiyeweka kalenda ya dini mbele yake anaweza kununua viti Januari na kuvitazama hadi Pasaka.

Kwa hiyo viti vinalipwa na misiba, mahafali, kipaimara, mikutano na harusi za Julai hadi Oktoba zinazofuata fedha ya kahawa. Desemba ni nyongeza. Anayetaka kufaidi Desemba bila mtaji mkubwa atafute kile kinachokosekana siku za kubanana. Mara nyingi ni turubai, maana Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Novemba na Desemba ni za mvua. Au auze kazi ya mikono: timu ya watu sita wa kupika na kuosha vyombo, wanaolipwa kwa siku na wasioacha kitu cha kuhifadhi sherehe ikiisha. Kwenye biashara ya huduma mabaki ni uchovu tu.

Senene nao ni kinyume chake tena. Hapa wateja wapo mwaka mzima, bidhaa ndiyo yenye msimu. Wanaanguka sana Novemba na Desemba, na kidogo Aprili na Mei, na hakuna anayeweza kukutajia usiku. Mitego ya taa kali na mabati inakamata vizuri usiku wa giza, mwezi mpevu ukiwaka mtego unapoteza nguvu. Usiku wa neema bei inaporomoka alfajiri, kwa kuwa kila mtu ana ndoo na senene mbichi hasubiri hadi kesho. Anayepata faida hapo kwa kawaida hana taa wala mabati. Ana kina mama kumi waliokwisha kukubaliana naye bei ya kunyonyoa mabawa na miguu, sufuria pana, kuni kavu na chumvi, naye yuko tayari kununua saa kumi na mbili asubuhi wakati wengine wanahangaika kuuza. Senene hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na akikauka vizuri anakaa. Wiki mbili baadaye wageni wa Krismasi wanamtafuta ili wamchukue Dar, wakiwa na ile fedha ya pili niliyoitaja. Makosa ni kufungasha kabla hajapoa na kukauka. Mvuke unabaki ndani ya mfuko, na siku chache baadaye ukifungua unanusa uchachu na kukuta senene wamelainika. Akivunjwa kwa vidole lazima alie kama kijiti kikavu, asipolia arudi jikoni.

Nimalizie na kipande cha msimu wa shule ambacho wengi hukiacha. Siku ya kufungua shule si siku ya mwisho ya mauzo. Wapo watoto wanaoripoti Februari na hata Machi, wengi wao kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha ya vifaa. Hawa ndio wateja wa zile jozi kumi na tano zilizobaki ukutani, na fundi ana uamuzi wa kufanya. Katika mfano wetu, jozi 45 zilizouzwa zimeleta 990,000, yaani gharama ya kitambaa chote imerudi na ziada ya 150,000, ambayo ndiyo ujira wake na wa msaidizi mpaka hapo. Jozi 15 zilizobaki ni 330,000 ambazo bado ni nguo. Akizikopesha zote, deni la Februari litalipwa Julai kahawa itakapotoka, na katikati hapo atakosa fedha ya kazi za Pasaka. Fundi yule wa Kamachumu hukopesha tano, kwa wazazi ambao kadi zao za mwaka uliopita zilikamilika, na mkopo anauandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi mpya. Julai mzazi anapoleta 5,000 yake ya kwanza, zinaanza kulipa sare ambayo mtoto ameivaa tangu Februari, na kumi zilizobaki ukutani zinasubiri walipao taslimu.